Muuzaji anasema simu uliyorudisha haikufika: namna ya kuthibitisha kwamba ilifika, hatua kwa hatua

Nilinunua simu kwa muuzaji wa Kariakoo niliyemkuta Instagram, shilingi 480,000, mimi nikiwa Dodoma. Ilikuja kwa basi. Siku ya pili kioo kikaanza kucheza: unagusa chini, inafunguka programu ya juu. Nikamrekodia video, akaiona, akakubali niirudishe anirudishie hela. Jumanne asubuhi nikaipeleka stendi ya Nanenane, nikalipia 7,000, nikapewa risiti. Jumamosi nikamuuliza kuhusu hela yangu. Jibu lake lilikuwa maneno matatu: "Mzigo sijauona bado."

Nilimtumia picha ya risiti mara nne, kila mara nikiwa na hasira zaidi. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba risiti ile, hata ningemtumia mara mia, haikuwa inajibu alichosema. Risiti ya basi inathibitisha kwamba mzigo uliondoka Dodoma. Yeye anasema haukufika kwake. Maneno hayo mawili yanaweza kuwa kweli yote kwa pamoja. Unachotakiwa kuonyesha ni nani aliuchukua upande wa pili, na kwamba huyo aliyeuchukua ni yeye au mtu wake. Mwongozo huu wote ni wa jambo hilo.

Nazungumzia biashara ya kawaida hapa kwetu, ambapo mnunuzi yuko mkoani, muuzaji yuko Dar es Salaam, makubaliano yako WhatsApp, hela inakwenda kwa simu na mzigo unapanda basi.

Kabla ya kumwita mwizi, tafuta mzigo ulipo

Mzigo ukikataliwa kuwa umefika, mara nyingi uko katika moja ya hali tatu. Umechukuliwa na muuzaji au kijana wake. Au umechukuliwa na mtu mwingine kabisa. Au bado uko stoo ya basi, hakuna aliyekwenda kuuchukua. Hali hii ya tatu hutokea kuliko watu wanavyodhani: namba ya simu iliyoandikwa juu ya boksi imekosewa tarakimu moja, karani anapiga haipatikani, boksi linasukumwa pembeni. Au muuzaji alipigiwa, akasema "nakuja", akasahau. Ukianza kwa matusi na kumbe boksi liko rafu ya chini pale stendi, umempa sababu nzuri ya kukukasirikia na umepoteza siku.

Kwa hiyo ujumbe wa kwanza uwe wa swali. Wa kwangu ulikuwa hivi:

"Kaka habari. Mzigo niliukabidhi Jumanne, namba ya risiti ni hii hapa, jina la mpokeaji ni lile ulilonipa wewe. Je, ofisi ya basi walikupigia? Kuna mtu ulimtuma kwenda kuulizia? Nisaidie kujua ili tuutafute pamoja."

Ujumbe huo unaonekana wa upole, na ni wa upole kweli, lakini una kazi ndani yake. Unamlazimu aseme jambo mahususi. Akijibu "hakuna aliyenipigia wala sijatuma mtu", ameweka maneno yake kwenye maandishi. Baadaye ukipata ushahidi kwamba kijana wake alisaini, hataweza tena kusema "nilimtuma ila hakuniletea" bila kujipinga mwenyewe. Usimwambie kwanza unachokijua. Muulize, mwache ajibu, kisha nyamaza.

Siku hiyohiyo piga simu ofisi ya basi unakotoka. Namba iko juu ya risiti. Mtajie karani namba ya mzigo na tarehe, muombe akuulizie upande wa pili mambo mawili tu: mzigo ulishuka? Umetolewa? Jibu lolote atakalokupa, muombe akuandikie hata kwa ujumbe mfupi. "Umetolewa Jumatano" kwenye simu yako ina uzito kuliko "karani aliniambia".

Daftari la kutolea mizigo ndilo la kuwahi

Ofisi nyingi za mizigo ya mabasi zina daftari, au siku hizi mfumo wa kompyuta, ambapo mtu anayechukua mzigo huandikwa jina, namba ya simu, wakati mwingine namba ya kitambulisho, kisha anasaini. Ukurasa huo mmoja ndio ushahidi mkubwa kuliko mwingine wote ulio nao, na wewe huna nakala yake. Uko kwenye meza ya mtu mwingine, katika daftari litakalojaa na kutupwa kabatini. Kama ofisi ina kamera, picha zake hujiandika juu ya za zamani baada ya muda, kwa hiyo kusubiri wiki tatu ukibembelezana na muuzaji ni kumsaidia yeye.

Kama huna namna ya kusafiri, tuma ndugu au rafiki aliye Dar. Mimi nilimtuma binamu yangu Jumatatu, akaenda ofisi ya basi lile pale stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Kabla hajaondoka nilimtumia picha ya risiti yangu mbele na nyuma, picha ya kitambulisho changu, na ujumbe ulioandikwa: "Mimi niliyetuma mzigo namba fulani namruhusu huyu kuulizia kwa niaba yangu." Bila ujumbe huo karani ana haki ya kumkatalia, kwa sababu kwake huyo ni mtu tu kutoka barabarani.

Mwambie mtu wako asifike akisema "tumeibiwa". Karani akisikia hivyo anadhani lawama inamjia yeye, na daftari linafungwa. Aseme ukweli ulivyo: mtumaji anataka kujua mzigo wake ulichukuliwa na nani na saa ngapi. Akionyeshwa mstari ule, aombe kupiga picha. Wakikataa picha, anakili kwa mkono kila kilichoandikwa, aandike jina la karani aliyemhudumia, tarehe na saa, kisha akutumie ujumbe palepale akiwa bado mlangoni. Ujumbe ulioandikwa dakika ileile ni ushahidi wa aliyeona kwa macho yake, na huyo binamu anaweza kuja kuusemea.

Binamu alichoshwa na foleni, lakini karani alikuwa mama mmoja mwelewa. Akageuza daftari. Mstari wetu ulikuwa na namba ya mzigo, "boksi 1 dogo", jina la kwanza la kijana, namba ya simu inayoishia na 417, sahihi ya mkunjo mmoja, na saa 5:20. Jumatano asubuhi. Mzigo ulikaa stendi usiku mmoja tu.

Hapo kwenye saa simama kidogo. Daftari limeandikwa saa ya Kiswahili, 5:20. WhatsApp yako inaonyesha 11:20. Mtu asiyekuwa makini, au anayetafuta pa kuchomokea, atasema nyaraka zako zinapingana. Kila unapotaja muda kwenye maelezo yako andika zote mbili, "saa 5:20 asubuhi, yaani 11:20 kwenye simu", jambo liishe.

Kuunganisha sahihi na muuzaji

Sasa una jina la mtu na namba. Muuzaji atasema simjui. Kazi inayobaki ni kuonyesha uhusiano, na mara nyingi uhusiano huo umelala kwenye simu yako tangu siku ya kununua. Pekua mazungumzo yote kuanzia juu. Tafuta mahali alipokwambia "andika jina la fulani", au "kijana wangu atapokea", au alipokutumia namba nyingine ya kulipia. Angalia ujumbe wa malipo: hela uliituma namba ipi, na jina gani lilitokea? Angalia boksi la kwanza alilokutumia yeye, kama bado unalo. Kuna jina la mtumaji na namba yake juu. Watu hutupa maboksi haraka sana.

Kwangu mimi namba ya 417 ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito juu ya boksi la kwanza, kama namba ya mtumaji. Kijana aliyenitumia simu ndiye aliyekwenda kupokea simu. Na jina lake la kwanza muuzaji mwenyewe alikuwa ameniandikia Jumatatu, siku moja kabla sijaituma: "Weka jina la" fulani, "atapokea yeye."

Kama namba haijatokea popote, ipo njia ambayo watu wa mjini wanaitumia kila siku. Anza kutuma hela kwa namba hiyo kwenye huduma ya pesa ya simu yako. Kabla ya kuweka namba ya siri, mfumo unakuonyesha jina lililosajiliwa. Soma, kisha sitisha. Jina hilo likifanana na la muuzaji, au na la mtu anayetajwa kwenye ukurasa wake wa biashara, umepata pa kushikia. Lisifanane, usilazimishe. Itakuwa dalili kwamba mzigo umetolewa kwa mtu asiyehusika, na hapo ugomvi wako unahama kutoka kwa muuzaji kwenda kwa msafirishaji. Aliyetoa mzigo bila kuhakikisha mpokeaji ndiye anayepaswa kujieleza.

Jina hilo ni la kutumia kwenye madai yako tu. Usilibandike mtandaoni na picha ya mtu na neno tapeli. Najua linavyowasha mkono. Lakini ukikosea mtu, au hata usipokosea, umemfungulia yeye mlango wa kukushtaki wewe, na muuzaji aliyekwisha kuaibishwa hadharani hana tena sababu ya kukulipa kimyakimya.

Ilikuwa mtu wake, au ulimchagua wewe?

Hili ndilo swali litakaloamua mambo kama mzigo umepotelea mikononi mwa kijana. Muuzaji akishindwa kukana kwamba mzigo ulichukuliwa, atarudi hatua moja nyuma: "Huyo dogo hakuniletea. Mtafute yeye."

Jibu linategemea nani alichagua njia. Kama yeye ndiye aliyekwambia upeleke kwa basi lile na uandike jina lile, basi ulipomkabidhi mtu aliyemtaja umemkabidhi yeye. Kilichotokea kati yake na kijana wake ni mambo ya dukani kwao. Lakini kama alisema "tuma kwa basi fulani, jina langu", wewe ukampa dereva wa basi jingine kwa sababu liliondoka mapema, hoja yako imedhoofika sana, na ni vizuri ulijue hilo mapema kuliko kuambiwa na hakimu. Ndiyo maana kabla ya kurudisha chochote unatafuta sentensi moja kutoka kwake kwa maandishi: tuma kwa njia gani, kwa jina gani, kwa namba gani. Akikupigia simu na kukuelekeza kwa mdomo, mwandikie papo hapo: "Sawa kaka, kama ulivyosema, natuma kwa basi hili, jina hili, namba hii. Kama nimekosea niambie kabla ya saa mbili kesho." Akinyamaza na tiki zikawa za bluu, una kitu.

Jambo lingine ambalo wanunuzi wengi hawalijui: Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, haimlazimishi mnunuzi aliyekataa bidhaa kwa haki kuirudisha kwa muuzaji, isipokuwa walikubaliana hivyo. Inatosha amjulishe kwamba ameikataa. Kwa vitendo hakuna muuzaji wa Kariakoo atakayekurudishia hela bila kuona simu yake, kwa hiyo utairudisha tu. Lakini ukijua hilo utadai nauli ya kurudisha bila kuona haya, na utadai yeye ndiye atoe maelekezo ya njia.

Kuhifadhi mazungumzo ili yaaminike

Picha ya skrini iliyokatwa vibaya, yenye jina "Muuzaji Simu" juu, haina nguvu. Jina hilo umelihifadhi wewe. Ungeweza kumpa jina hilo mjomba wako. Fungua taarifa za namba hiyo kwenye WhatsApp, piga picha ya skrini inayoonyesha namba yenyewe, kisha picha za mazungumzo zikifuatana bila kuruka, kila moja ikionyesha tarehe. Halafu toa mazungumzo yote kwa `Export chat`, uyatume kwenye barua pepe yako. Hakikisha kwanza kwamba `Disappearing messages` imezimwa, na kama aliiwasha yeye, usingoje hata saa moja.

Ukiona "This message was deleted" upande wake, piga picha hiyo nayo. Ujumbe uliofutwa saa chache baada ya wewe kuuliza kuhusu mzigo unaeleza jambo fulani. Upande wa Instagram, piga picha ya ukurasa wake na jina la akaunti kabla hajakufungia au kulibadilisha.

Usifute chochote kwenye simu yako hata baada ya kuhifadhi nakala. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inakubali ujumbe wa kielektroniki kama ushahidi, ila uzito wake unapimwa kwa namna ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na jinsi aliyeutuma anavyotambulika. Simu yenyewe yenye mazungumzo ya asili ikiwekwa mezani inashinda karatasi kumi zilizochapwa.

Akigeuza maneno: "boksi limefika, simu haimo"

Muuzaji akibanwa na daftari anaweza kuhamia hapa, au kusema "umeniwekea simu nyingine". Hapa daftari halikusaidii tena, kwa sababu linasema boksi moja tu. Kinachokuokoa ni ulichofanya kabla ya kufunga.

Simu ina bahati: ina namba yake ya IMEI, tarakimu 15. Ibonyeze `*#06#` nayo inatokea kwenye skrini. Rekodi video moja isiyokatwa: IMEI kwenye skrini, IMEI kwenye stika ya boksi lake la kiwandani, hitilafu yenyewe ikionekana, simu inaingia boksini, boksi linafungwa kwa tepu ya karatasi, jina la mpokeaji linaandikwa juu. Saini jina lako kwa kalamu ya wino mzito ukivuka ukingo wa tepu ya karatasi na boksi, nusu huku nusu kule. Atakayefungua na kufunga tena hawezi kuikutanisha mistari ile. Ukifika stendi, picha moja ya boksi likiwa juu ya kaunta na namba ya mzigo imebandikwa. Kama kuna mizani, pima, waandike uzito kwenye risiti. Boksi lenye simu na chaja likiwa na gramu mia nne na kitu, kisha likafika na gramu mia, hilo swali ni la basi.

Kabla ya kufunga, toa akaunti zako zote kwenye simu na uirudishe kama ilivyotoka kiwandani. Wengine huacha akaunti makusudi wakidhani wataifuatilia ilipo. Mwisho wake muuzaji anasema umemrudishia simu iliyofungwa, na kwa kweli atakuwa na hoja.

Kwenye risiti, mwambie karani aandike "simu" na thamani yake. Watu huandika "nguo" ili nauli iwe ndogo au ili simu isiibiwe njiani. Soma maandishi madogo nyuma ya risiti: mara nyingi msafirishaji anajiondoa kwenye thamani ambayo hukuitaja. Ukiandika nguo, umejitolea ushahidi dhidi yako mwenyewe.

Na kama ulishampa konda mkononi kwa elfu tano bila risiti? Hali ni mbaya lakini haijaisha. Tafuta namba ya konda, namba ya basi, saa ya kuondoka, na ujumbe wa malipo ya hiyo elfu tano kama uliituma kwa simu. Muombe konda akuandikie kwa ujumbe mfupi alimpa nani na wapi. Fanya hivyo siku hiyohiyo. Baada ya wiki moja keshabeba mabegi mia tatu na la kwako halikumbuki.

Dai lenye tarehe

Ukishakuwa na daftari, boksi la kwanza na maelekezo yake, acha kubishana. Andika dai moja fupi. Usimwage ushahidi wote. Taja unachonacho na uambatanishe kipande kinachouma zaidi. Mimi niliandika hivi Jumanne, wiki moja kamili tangu nitume:

"Kaka, mzigo ulichukuliwa ofisi ya basi Jumatano saa 5:20 asubuhi, yaani 11:20. Aliyesaini ni kijana uliyeniandikia jina lake Jumatatu, kwa namba inayoishia 417, ileile iliyokuwa kwenye boksi ulilonitumia wewe. Picha ya daftari hii hapa. Naomba 480,000 ya simu na 7,000 ya kurudishia, jumla 487,000, kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Isipofika nitapeleka madai kwa maandishi Tume ya Ushindani na Mahakama ya Mwanzo."

Alinipigia badala ya kuandika. Nilipokea, nikamsikiliza akisema kijana ameacha kazi, kisha nikamwandikia: "Kama ulivyoniambia sasa hivi kwenye simu, kijana alichukua mzigo ila hakukuletea." Alijibu "ndio bro". Maneno mawili hayo yalifunga kabisa swali la kama mzigo ulifika.

Akigoma

Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulikia malalamiko ya walaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Peleka maelezo ya ukurasa mmoja, na viambatanisho vikiwa na namba: 1 malipo, 2 video ya hitilafu na yeye akikubali, 3 maelekezo ya kurudisha, 4 risiti ya basi, 5 daftari, 6 dai lako. Kama tatizo ni kampuni ya kusafirisha vifurushi yenye leseni, lalamika kwanza kwao kwa maandishi, kisha TCRA, ambao ndio wasimamizi wao. Kwa wanaotumia EMS ya Posta kuna nafuu: mzigo una namba ya ufuatiliaji, herufi mbili, tarakimu tisa kisha TZ, na mwendo wake unaonekana. Bado, "umekabidhiwa" haisemi amekabidhiwa nani. Omba Posta taarifa ya aliyesaini.

Polisi nitawagusa kidogo tu. Mtu aliyekubali kurudisha hela kisha akachelewa, mara nyingi utaambiwa ni madai, nenda mahakamani. Lakini kama mzigo umechukuliwa na mtu asiyejulikana aliyetumia jina la mwingine, karipoti upate namba ya RB. Bila hiyo msafirishaji ana sababu ya kukuzungusha.

Mahakama ya Mwanzo inaendeshwa kwa Kiswahili, huhitaji wakili, na kiasi kama hiki kiko ndani kabisa ya mamlaka yake. Kwa kawaida unafungua pale anapoishi mdaiwa au dai lilipotokea, kwa hiyo piga hesabu ya nauli za Dar kabla hujaanza. Kanuni za ushahidi za mahakama hizo, za mwaka 1964, zinamtaka mdai athibitishe dai lake, lakini katika madai haya ya kiraia hakimu hahitaji kuondolewa kila shaka. Inatosha ushahidi wa upande mmoja uwe mzito kuliko wa mwingine. Ndiyo maana mstari wa daftari ukiwa na namba inayofanana na ya boksi unatosha kumwelemea mtu mwenye neno "sijauona" peke yake. Mlete aliyeona daftari aje aseme mwenyewe, na muombe hakimu amwite karani na daftari lake kama kuna ubishi.

Sikufika huko. Ijumaa saa tisa alasiri iliingia 300,000, na ujumbe: "Nyingine nitakumalizia." Sikujibu "asante" peke yake, kwa sababu malipo nusu yasiyoandikwa huzaa ugomvi mwingine wa nani alimalizana na nani. Niliandika: "Nimepokea 300,000 kati ya 487,000 ya simu iliyorudishwa. Imebaki 187,000." Akaweka alama ya dole gumba. Ile 187,000 ilikuja siku kumi na moja baadaye, kutoka namba inayoishia 417.